Kumbe ya Nani? Msimulizi na Mhusika katika Usemi Huru wa Taarifa

Tuanze na kifungu kifupi nilichokitunga kwa ajili ya uchambuzi huu.

"Salma aliiweka barua mezani, akasogea dirishani. Mvua ilikuwa imeacha kunyesha. Kumbe Hamisi alijua tangu mwanzo! Alijua, akanyamaza, akaendelea kumwita dada. Basi kesho atamwambia nini mama? La, haendi. Wakitaka kuja wenyewe, waje. Alifunga dirisha."

Sentensi mbili za kwanza na ile ya mwisho ni za msimulizi. Zilizo katikati hazina "alijiuliza" wala "aliwaza kwamba", na ndani ya kifungu chenyewe mawazo ya Salma hayakuwekewa alama za mtajo, lakini msomaji hadhani hata kidogo kwamba msimulizi ndiye asiyejua la kumwambia mama. Mbinu hii ndiyo usemi huru wa taarifa, ambao mwanaisimu Charles Bally aliupa jina katika Kifaransa mwaka 1912. Wataalamu wamekubaliana kwa kiasi kikubwa kuhusu namna ya kuutambua. Wanachogombania ni idadi ya sauti zilizomo: je, tunamsikia Salma peke yake, au tunamsikia Salma kupitia kinywa cha msimulizi ambaye bado yupo?

Kabla ya kuchagua upande, inafaa tuone lugha inafanya nini. Neno "kumbe" ni la mtu aliyegundua jambo sasa hivi, na msimulizi aliyekwisha kuijua hadithi yote hawezi kulishangaa. "Kesho" inahesabiwa kutoka siku ya Salma, si kutoka siku ya anayesimulia. "Mama" limeachwa bila "yake", kama mtoto anavyomtaja mzazi wake mwenyewe. Tukikigeuza kifungu kiwe usemi wa taarifa wa kawaida, tutapata: "Salma alishangaa kugundua kwamba Hamisi alikuwa akijua tangu mwanzo, akajiuliza angemwambia nini mama yake siku iliyofuata." Habari ni ileile, ila "kumbe", "basi" na "la" zimetoweka, kwa kuwa hazikai vizuri chini ya "kwamba". Tukikigeuza kiwe usemi halisi, maneno hayo yanabaki yote, na kinachobadilika ni viambishi vya nafsi tu: "kumwita" inakuwa "kuniita", "atamwambia" inakuwa "nitamwambia", na "haendi" inakuwa "siendi".

Hapo ndipo Kiswahili kinapotofautiana na lugha ambazo nadharia hii ilizaliwa ndani yake. Katika Kifaransa na Kiingereza, wakati wa kitenzi hurudishwa nyuma pamoja na nafsi, kwa hiyo kila kitenzi kinabeba alama mbili za msimulizi. Kanuni tulizofundishwa shuleni nazo zinataka "-ta-" igeuke "-nge-", na mwandishi anaweza kuandika "kesho angemwambia nini mama?", ambapo "-nge-" ni ya msimulizi na "kesho" ni ya Salma. Mchanganyiko huo ni halali, lakini una hatari yake: "-nge-" ni kiambishi cha masharti pia, na msomaji anaweza kuanza kutafuta sharti ambalo halipo, akadhani Salma angemwambia mama jambo fulani endapo angekwenda. Kwa hiyo naona ni salama zaidi kuiacha "-ta-" ibaki ilivyo. Gharama yake ni kwamba alama ya sarufi inayobaki ni kiambishi cha nafsi peke yake, nacho hakitofautishi jinsia. Ukikisoma tena kifungu changu kwa ukali, utaona kwamba "atamwambia" inaweza kumhusu Hamisi. Kukiokoa kwa kuandika "yeye Salma" ni kuiua mbinu yenyewe, maana hakuna mtu anayejiwazia kwa kutaja jina lake namna hiyo. Dawa ni kuhakikisha mapema kwamba mwenye safari ya kesho anajulikana kuwa ni mmoja tu.

Sasa turudi kwenye mgogoro. Roy Pascal, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alitetea wazo la sauti mbili: maneno ni ya mhusika, lakini msimulizi ameyaazima, na katika kuyaazima anaweza kuyahurumia au kuyakejeli. Ann Banfield, mwaka 1982, alilikataa wazo hilo kwa hoja ya kisarufi. Kwake yeye, sentensi ya aina hii ina kitovu kimoja tu cha fahamu, nacho ni mhusika. Viashiria vya hisia kama mshangao na shaka vyote vinaelekea kwake, na hakuna neno ambalo msimulizi anaweza kulidai kuwa lake.

Ukiipima hoja ya Banfield kwa sentensi mojamoja za Kiswahili, ina nguvu kuliko wapinzani wake wanavyokiri. Katika "La, haendi", msimulizi amebaki na kitu gani zaidi ya kiambishi "ha-" kilichochukua nafasi ya "si-"? Mtetezi wa sauti mbili atajibu kwamba kiambishi hicho kinatosha, kwa sababu anayemwita mtu "yeye" amekwisha kusimama nje yake. Jibu hilo si baya, lakini kusimama nje ya mtu hakumaanishi kuwa na maoni juu yake.

Mizani inageuka tunapotoka kwenye sentensi na kuingia kwenye hadithi. Tuseme kwamba kurasa kumi kabla ya hapo msimulizi ametuonyesha Salma akiificha barua ya dadake chini ya godoro, kisha baada ya "La, haendi" tuongeze: "Hakuna mtu duniani aliyewahi kufichwa jambo namna hii." Salma anaisema kwa uchungu wa kweli, lakini sisi tunatabasamu kwa uchungu wa aina nyingine. Kejeli hiyo haimo katika neno lolote la sentensi. Imetokana na mtu aliyelipanga godoro lile kwanza na kilio hiki baadaye, na hapo siwezi kukubali kwamba Salma yuko peke yake.

Namna hatari ya kutozitenganisha ngazi hizi mbili ilionekana mahakamani mjini Paris, Januari 1857, katika kesi dhidi ya Gustave Flaubert kwa ajili ya riwaya yake ya *Madame Bovary*. Mwendesha mashtaka Ernest Pinard alikinukuu kifungu ambamo Emma, mhusika mkuu wa riwaya hiyo, akiwa mbele ya kioo, anashangilia kupata hawara, akakiita utukuzaji wa uzinzi, jambo baya kuliko kosa lenyewe. Mhakiki Hans Robert Jauss alieleza baadaye kwamba shangwe zile ni za Emma, zilizoandikwa bila kuwekewa mwenyewe, na Pinard alizisoma kama hukumu ya msimulizi. Flaubert aliachiliwa mwezi uliofuata. Lakini Pinard hakuwa mjinga kabisa, na hili wahakiki hulipita haraka: alikuwa sahihi kwamba riwaya haimpi msomaji sauti ya kumkemea Emma.

Mwanafunzi anayeandika "mwandishi anasema hakuna aliyewahi kufichwa jambo kama Salma" anarudia kosa la Pinard. Anayeandika "msimulizi anamkejeli Salma" huku akinukuu sentensi hiyo moja tu, naye anadai zaidi ya ushahidi alio nao. Inambidi arudi kurasa kumi nyuma, akalionyeshe godoro.