Namba ya Kwanza katika Taarifa ya Mafuta Yaliyoingia Mtoni

"Mafuta yameshaingia mtoni, mvua inanyesha, na hakuna aliyepima. Nikiandika lita kadhaa leo halafu kesho zikaonekana nyingine, nitaitwa mwongo. Si bora nitoe taarifa bila kiasi, au nisubiri nipime kwanza?" Hivi ndivyo alivyoniuliza msimamizi wa zamu wa kiwanda kimoja cha bonde la mto Luiche, mkoani Kigoma.

Hofu yake ina msingi. Namba ikishaandikwa haifutiki vichwani mwa watu. Afisa wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, ataishika. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika itaishika. Wakulima wa mpunga walioko chini ya mto wataitumia kudai fidia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasimama juu ya kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa, kwa hiyo lita zilizoandikwa zina bei. Historia nayo inawapa nguvu wanaotaka kusubiri. Kisima cha mafuta kilipolipuka katika Ghuba ya Meksiko mwaka 2010, kiasi cha kwanza kilichotajwa kilikuwa mapipa 1,000 kwa siku, kisha 5,000, na hatimaye wataalamu wa serikali wakakubaliana kwamba mwanzoni yalikuwa yakitoka mapipa kama 62,000 kila siku. Namba ndogo ya haraka iliwavunjia watoa taarifa heshima kuliko ukimya ambavyo ungefanya.

Hata hivyo, nikiitazama hoja hiyo kwa karibu naona kosa halikuwa katika kutaja namba mapema. Kosa lilikuwa kutaja namba moja tupu, isiyosema imepatikanaje wala inaweza kupotoka kwa kiasi gani. Nitalieleza kwa mfano ambao nimeutunga mwenyewe ili hesabu zake zifuatike, ingawa kila jambo ndani yake hutokea viwandani.

Kiwanda kina tenki la dizeli la wima lenye kipenyo cha mita 2.5, limezungushiwa ukuta wa zege ili mafuta yakimwagika yasitoke nje. Ukuta huo una koki chini, ya kutolea maji ya mvua. Jana mchana mtu aliifungua ili maji yatoke, akasahau kuifunga. Usiku kiungo cha bomba la kwenda kwenye jenereta kikalegea, dizeli ikamwagika ndani ya ukuta na kupitia koki ile hadi kwenye mtaro. Mvua ilinyesha kuanzia saa 7 usiku hadi saa 9. Saa 11 alfajiri mlinzi akasikia harufu, na dakika 20 baadaye bomba na koki vyote vilikuwa vimefungwa.

Namba ya kwanza inapatikana kabla mtu hajafika mtoni. Kijiti cha kupimia tenki kilisoma sentimita 142 saa 12 jioni, na saa 12 asubuhi kinasoma 96. Kwa tenki la kipenyo hicho, kila sentimita moja ni lita 49, hivyo sentimita 46 zilizopungua ni karibu lita 2,250. Jenereta ilifanya kazi saa tano na hutumia lita 60 kwa saa, kwa hiyo lita 300 zilichomwa kihalali. Zinabaki lita kama 1,950 zilizomwagika. Ndani ya ukuta, juu ya maji ya mvua, kuna tabaka la dizeli lenye unene wa sentimita moja, unaoonekana ukizamisha mrija wa kioo, ukaziba juu kwa kidole na kuutoa. Eneo lililo wazi ndani ya ukuta ni mita za mraba 31, kwa hiyo hapo zimebaki lita 310. Zilizotoka nje ni kama 1,650.

Namba hiyo ina mashaka kiasi gani? Kijiti kikisomwa kwa kosa la nusu sentimita, jioni na asubuhi, ni lita 50 kwa jumla. Saa za jenereta zikikosewa kwa saa moja ni lita 60. Lakini tabaka lile ndani ya ukuta likikosewa kwa nusu sentimita tu, ni lita 155, kwa sababu limetandaa eneo kubwa. Msimamizi wetu alidhani udhaifu uko kwenye tenki, kumbe uko kwenye kile anachodai amekiokoa. Hapo ndipo wengi hujidanganya bila kukusudia. Basi aandike: zilizotoka nje ya ukuta ni kati ya lita 1,400 na 1,900, kwa kipimo cha kijiti. Wala asiseme zote ziliingia mtoni, kwa kuwa udongo na majani ya mtaroni yamenyonya sehemu. Aseme tu kwamba zilizoingia mtoni haziwezi kuzidi 1,900. Kikomo cha juu ndicho anachokihitaji mtu wa chini ya mto.

Sasa tulinganishe na namba ambayo angepata kama angeshuka mtoni na kutumia macho. Anaona utando wenye rangi za upinde wa mvua, upana wa mita 8 na urefu wa kilomita mbili. Kipimo cha rangi kinachotumiwa na nchi za Mkataba wa Bonn wa Bahari ya Kaskazini kinasema utando wa rangi hizo una unene wa maikromita 0.3 hadi 5, yaani lita 300 hadi 5,000 kwa kilomita ya mraba. Eneo lake ni kilomita ya mraba 0.016 tu, hivyo hesabu inatoa lita 5 hadi 80. Tenki linasema 1,650, mto unasema 80, na vyote viwili havidanganyi. Utando ni kile kilichobaki mbele ya macho asubuhi hii. Mafuta mengine yameshapita, mengine yamepanda hewani, mengine yamevurugwa na mkondo yakachanganyika na maji na tope, mengine yamenasa kwenye matete ya ukingoni.

Kipimo hichohicho kinawahusu na wanaolalamika. Lita moja ya dizeli ikitandaa kama utando mwembamba wa rangi ya fedha inaweza kufunika hekta nzima, kwa hiyo mwanakijiji anaposema mto wote umejaa mafuta anaweza kuwa anasema kweli juu ya alichokiona na bado kiasi kikawa ndoo moja. Ndiyo maana siamini taarifa yoyote inayotaja lita bila kutaja zimepatikana kwa tenki, kwa kasi ya uvujaji, au kwa utando. Niongeze hapa kwamba kwetu Kigoma, ambako mawese yanakamuliwa kila upande, kipimo cha rangi hakifai kwa maji machafu ya kukamulia, ambayo huua samaki kwa kumaliza hewa ndani ya maji hata pasipokuwa na utando; hayo yapimwe kwa ujazo wa mashimo yake.

Upande wa hali ya hewa, watu huandika "mvua ilinyesha" na kuishia hapo, na huo ni upotevu. Tuseme kipimamvua kilikusanya milimita 25 na uwanja wa kiwanda una mita za mraba 1,500. Hiyo ni lita 37,500 za maji zilizopita katika chemba ya kutenganisha mafuta na maji kwa muda wa saa mbili. Chemba ndogo haiwezi kutuliza maji kwa kasi hiyo, kwa hiyo hata mafuta ya zamani yaliyokuwa yamekusanyika humo yamesukumwa nje. Anayesema chemba ilizuia sehemu ya dizeli usiku ule aonyeshe tabaka lililobaki, la sivyo asiyatoe hayo kwenye hesabu. Mvua pia ndiyo inayoeleza mwendo. Kipande cha mgomba kilichotupwa mtoni kikienda mita 20 kwa sekunde 40, mkondo ni nusu mita kwa sekunde, yaani kilomita 1.8 kwa saa. Kama mafuta yaliingia pamoja na mvua saa 7 usiku, kufikia saa 12 asubuhi ncha yake imesafiri kama kilomita 9. Kila saa ya kusubiri namba safi ni karibu kilomita mbili za mto ambazo hakuna aliyeambiwa asichote maji, na mwisho wa mto huo ni ziwa linalomilikiwa na nchi nne.

Hapa ndipo mizani yangu inapoelemea. Kwa upande mmoja kuna hasara ya kusahihishwa kesho, ambayo ni ya mtoa taarifa. Kwa upande mwingine kuna hasara ya kuchelewa, ambayo ni ya mama anayejaza madumu. Hii ya pili ni nzito zaidi, wala sioni namna ya kuziita sawa.

Wanaotaka tahadhari nawaunga mkono kwa nguvu katika neno moja tu, nalo ni "tumedhibiti". Hilo ndilo huandikwa mapema kupita kiasi. Kufunga bomba ni kukomesha chanzo. Kuziba kalavati kwa viroba vya mchanga ni kuzuia mtaro. Kudhibiti kilichoko mtoni ni jambo jingine, na kwa mkondo wa nusu mita kwa sekunde kizuizi cha kuelea kilichotandazwa moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo hakitafaa, maana maji yakikigonga kwa kasi inayozidi kama mita 0.35 kwa sekunde mafuta hupita chini yake. Utaona matone yakiibuka nyuma ya kizuizi. Inabidi kilazwe mshazari, kwa pembe iliyo chini ya nyuzi 45 na mkondo, kikielekeza mafuta kwenye ukingo wenye maji yaliyotulia ili yachotwe huko. Sabuni isimwagwe kabisa: inaondoa utando machoni na kuyasukuma mafuta ndani ya maji walimo samaki.

Kwa hiyo taarifa ya saa 12 na nusu ingeweza kusomeka hivi: "Dizeli imevuja kutoka kwenye tenki letu usiku. Chanzo kimefungwa saa 11:20 alfajiri. Zilizotoka nje ya ukuta ni lita 1,400 hadi 1,900, kwa kipimo cha kijiti. Zilizoingia mtoni hazizidi hapo. Mvua milimita 25, saa 7 hadi saa 9 usiku. Mkondo nusu mita kwa sekunde. Saa 12 asubuhi ncha ilikadiriwa kuwa kilomita 9 chini ya kiwanda. Mtaro umezibwa. Mtoni bado hakujadhibitiwa. Taarifa ya pili saa 6 mchana." Inatumwa kwa NEMC, bodi ya bonde na afisa mazingira wa halmashauri, lakini simu ya kwanza iende kwa mtendaji wa kijiji kilicho chini.

Ipo hali moja ambapo ningekubali nafasi ya lita ibaki bila jumla: bomba la chini ya ardhi likivuja na haijulikani tangu lini. Hapo iandikwe kasi tu, kwa ndoo na saa: ndoo ya lita 20 ikijaa kwa dakika nne ni lita 300 kwa saa, na bado inatoka.

Saa 6 mchana, zikichotwa lita 420 ndani ya ukuta badala ya 310, namba ya asubuhi isifutwe. Iachwe pale ilipo, na chini yake iandikwe mpya pamoja na sababu: tabaka lilikuwa nene kuliko lilivyopimwa.