Rejea ya mtindo na mwonekano wa chapa: picha inaposhika na inapoteleza

Anayetengeneza picha za chapa kwa programu ya akili unde huamua mapema kama ataueleza mwonekano wa chapa kwa maneno au ataipa programu picha za kufuata. Tangu programu ya Midjourney ilipoongeza mwaka 2024 kigezo cha `--sref`, kinachopokea picha kama rejea ya mtindo, wengi wamehamia upande wa picha, na sababu yao ina uzito. Maneno kama "mwanga laini wa asubuhi" yana tafsiri nyingi, na kila picha inayozalishwa hujichagulia yake, ilhali picha chache zenye mwanga huo huzibana tafsiri hizo mpaka zikakaribiana. Ninaiafiki hoja hiyo kwa sehemu kubwa. Tatizo ni kwamba picha haiwezi kusema ni kipi ndani yake kiigwe na kipi kiachwe.

Picha inayowekwa mwanzoni mwa maelekezo, ambayo nguvu yake hupimwa kwa `--iw`, huvuta vitu vilivyomo na mpangilio wake. Picha ya `--sref` imekusudiwa kuvuta rangi, mwanga na umbile tu. Mpaka kati ya hizo mbili, hata hivyo, si ukuta, na hapo ndipo kazi nyingi za chapa huharibika.

Tuchukue chapa ya sabuni yenye mandhari ya kijani iliyokolea, mwanga wa dirishani unaotoka kushoto, na mawe yasiyong'arishwa. Mbunifu anachagua picha moja nzuri kuliko zote, ya kipande cha sabuni juu ya jiwe na jani pembeni, anaifanya rejea ya mtindo, kisha anaomba mikono ya mtoto ikioshwa kwenye karai. Mwanga unatoka sawasawa, lakini majani yanaota kando ya karai, na karai lenyewe linageuka la mawe. Akiomba picha kumi atapata majani kumi, na kwa kuwa zote zinafanana atadhani amefanikiwa. Kufanana huko kumetokana na kitu, si na mtindo.

Dawa yake ni kutumia picha tatu hivi ambazo vitu vyake vinatofautiana kabisa, kwa mfano mkono, kitambaa na chupa, zikifanana kwa mwanga na rangi pekee. Kinachojirudia katika zote ndicho kinachopata nguvu, na jani la picha moja hufifia. Nguvu ya mtindo nayo, inayowekwa kwa `--sw` na ambayo kwa kawaida huwa 100 katika kipimo cha 0 hadi 1000, inaweza kushushwa kidogo:

```
mikono ya mtoto ikioshwa kwenye karai --sref URL1 URL2 URL3 --sw 60 --seed 4127
```

Namba ya `--seed` inaifanya programu ianze kuchora kila picha kutoka mwanzo uleule, hivyo ukibadilisha `--sw` peke yake unaona rejea inafanya nini hasa. Kipimo ninachokiamini zaidi ni kuomba kitu kilicho mbali kabisa na chapa, tuseme baiskeli, kwa rejea zilezile. Baiskeli ikitoka na mwanga wa kushoto na kijani kile, mtindo umeshikwa. Ikitoka imeegemea jiwe na jani limechomoza, rejea zinavujisha vitu na inafaa zibadilishwe.

Wanaotetea maneno wana hoja mbili ambazo sijaona zikijibiwa vizuri. Ya kwanza ni kwamba maelezo yaliyoandikwa yanaweza kusomwa, kupingwa na kurekebishwa na timu nzima, wakati ubishi juu ya picha huishia kwenye "naona kama si yetu". Ya pili ni kwamba rejea imefungwa kwenye toleo la programu: picha zilezile, na hata namba za mtindo zinazotolewa na programu yenyewe, zinaweza kuzaa mwonekano mwingine toleo likibadilika. Hoja hii ya pili huwaumiza zaidi wenye kampeni ndefu, maana nusu ya picha zao hutoka katika sura moja na nusu katika nyingine.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili hushindwa kulitimiza, nalo ni rangi kamili. Chapa ikisema kijani chake ni `#1F4D3A`, programu hizi hazipaki rangi kwa namba hiyo. Hukisia ukuta wa kijani chini ya mwanga wa joto, na kila sehemu ya ukuta hutoka na namba yake. Pima sehemu tano kwa zana ya kuchukua rangi na utaona zinavyoachana. Rangi hiyo husawazishwa baadaye katika programu ya kuhariri, na nembo huwekwa huko huko kutoka faili yake halisi, kwa sababu nembo inayozalishwa hupindika herufi hata pale rejea inapoionyesha waziwazi.

Kwa hiyo ningeanza na picha, tena picha ambazo chapa yenyewe ina haki nazo, kisha kando ya kila moja niandike sentensi mbili: nini kiigwe kutoka humo, na nini kisiigwe. Toleo likibadilika na mwonekano ukayumba, sentensi hizo ndizo zitakazomwongoza mbunifu kuchagua rejea mpya, kwa kuwa zinataja mwanga na umbile ambavyo namba ya mtindo haivitaji.