Bima moja ya nyumba ya wageni: inapokufaa na inapokuponza

"Nina nyumba ya wageni ya vyumba vinane hapa Watamu, ya ghorofa moja, paa la makuti. Wakala ananiambia nichukue bima moja inayobeba jengo, mali za wageni na mtu akiumia. Mwenzangu anasema kila kitu nikikatie bima yake, tena kampuni tofauti. Nani yuko sawa?"

Kwa nyumba ya ukubwa huo, mimi niko upande wa wakala, ila si kwa sababu aliyokupa. Najua alikwambia ni rahisi na utalipa mara moja. Urahisi huo ni wa siku ya kulipa tu. Bima hupimwa siku ya hasara, kwa hiyo tuitazame siku hiyo.

Ni Januari, kaskazi inavuma, makuti yamekauka kwa miezi. Mpishi anachoma samaki karibu na banda la kulia, cheche inaruka. Dakika chache banda limeshika, kisha paa la ghorofani, kisha upepo unaisukuma cheche hadi paa la jirani. Mgeni wa chumba cha juu anaruka barazani na kuvunja kifundo cha mguu. Kompyuta ya mwenzake imeungua, pamoja na sanduku lililokuwa limewekwa stoo likingoja gari la asubuhi. Moto ni mmoja, lakini wadai ni wanne: wewe mwenyewe, mgeni aliyeumia, wageni waliounguliwa na mali, na jirani.

Sasa tuseme ulifuata ushauri wa mwenzako. Kampuni ya kwanza ina bima ya moto kwa jengo. Ya pili ina bima ya wizi, ambayo ulidhani inagusa mali za wageni. Ya tatu inabeba madai ya watu wa nje. Kampuni ya jengo italipa jengo na kuishia hapo. Ya wizi itakwambia hakukuwa na mwizi. Ya tatu itashughulikia mguu wa mgeni na paa la jirani, lakini kuhusu lile sanduku la stoo itakuonyesha kifungu ambacho hukukisoma: bima ya madai ya watu wa nje kwa kawaida haigusi mali ya mtu mwingine iliyo mikononi mwako, chini ya uangalizi wako. Na sanduku ulilopokea na kufungia stoo liko mikononi mwako hasa. Limeanguka katikati ya kampuni tatu na hakuna anayeliokota. Sehemu ya mali za wageni ndani ya bima ya pamoja iliwekwa kwa ajili ya pengo hilo, na hiyo ndiyo hoja ya kweli ya kuchukua bima moja.

Ila isome sehemu hiyo kwa macho mawili, maana ndiyo nyembamba kuliko zote. Kuna mikataba inayolipa mali ya mgeni ikiharibika kwa moto au maji hata kama huna kosa. Kuna mingine inayolipa pale tu ambapo sheria inakubana wewe, yaani mgeni aonyeshe uzembe wako kwanza. Maneno yanakaribiana, malipo hayakaribiani. Kisha kuna kikomo kwa kila mgeni, ambacho mara nyingi hakifiki bei ya simu nzuri, na fedha taslimu na vito havimo mpaka vikabidhiwe mapokezi na kuandikwa. Ukija wizi, tafuta maneno ya kuvunja na kuingia kwa nguvu. Mtu akifungua chumba kwa ufunguo wa ziada uliokuwa ukining'inia msumarini mapokezi, mlango hauna hata mkwaruzo, na dai linafia hapo. Nimeona mwenye nyumba akibishana juu ya hilo mchana kutwa. Mkadiria hasara alikuwa ameshapiga picha kitasa kizima, mambo yakawa yameisha.

Jengo ndilo linalokula sehemu kubwa ya premiamu, na hapo wenye nyumba wengi hujiumiza wenyewe. Thamani inayotakiwa kuandikwa ni gharama ya kujenga upya leo: kubomoa kilichobaki, kuondoa kifusi, boriti, makuti, kamba, fundi na ramani. Bei uliyonunulia miaka kumi iliyopita haihusiki, wala bei ya kiwanja, kwa sababu kiwanja hakiungui.

Chukua mfano. Kujenga upya ni shilingi 15,000,000, nawe umeandika 9,000,000 ili premiamu ishuke. Moto unakula sehemu ya jengo, na matengenezo yanafika 4,000,000. Unajiambia hasara iko chini ya 9,000,000, kwa hiyo utalipwa yote. Hulipwi yote. Kampuni itasema umekata bima ya tatu ya tano ya nyumba, basi itabeba tatu ya tano ya hasara: 2,400,000. Tuseme tena mkataba wako unataka ujibebee asilimia 10 ya kila dai. Inatoka 240,000, unabaki na 2,160,000. Hizo 1,840,000 nyingine ni zako, katikati ya msimu. Kutenganisha bima hakukuokoi na hesabu hii, kwa kuwa bima ya moto peke yake nayo huwa na kifungu hichohicho. Dawa yake ni kumwita mpimaji wa majengo aandike thamani, na kuirudia kila baada ya miaka michache, maana bei ya boriti haisimami.

Tukija kwa watu, hapa ndipo ningetaka kikomo kikubwa, hata kama ni kwa kupunguza kwingine. Paa likiungua unajua hasara yake itaishia wapi. Mtu akiumia hujui. Kwa sheria ya Kenya ya wajibu wa mkaaji wa jengo, Sura ya 34, unawajibika kuchukua hadhari ya kawaida ili mgeni awe salama kwa shughuli aliyoijia. Lile bango la "mwenye nyumba hahusiki na ajali" halikusafishi lenyewe. Onyo linahesabika likimtosha mtu kujikinga kweli, na watoto sheria inawatazamia wawe na hadhari ndogo kuliko wakubwa. Ngazi ya kwenda barazani isiyo na taa itakusumbua hata ukiwa na mabango matano.

Mgeni aliyeumia ana miaka 3 ya kufungua kesi. Kwa kawaida bima inayojibu ni ile iliyokuwa hai siku alipoanguka, si ile uliyo nayo siku karatasi za wakili zinapofika. Kwa hiyo hati za zamani usizitupe. Na siku ya ajali mpe pole, mpeleke hospitali, piga picha, andika majina ya walioshuhudia, ila usimwandikie kwamba kosa ni lako na utalipa. Mikataba mingi inakukataza kukubali dai bila kampuni kujua, na pole yako ya kiutu huwa haina shida mpaka uitie kwenye ujumbe wa simu ikiwa na ahadi ya fedha. Mpishi wako akiungua, usimtafute humu. Wafanyakazi wana bima yao chini ya sheria ya mafao ya majeraha kazini ya 2007, na kuikata ni lazima kwa mwajiri.

Sasa hoja ya mwenzako. Hatari ya bima moja ni kwamba ni mkataba mmoja, kwa hiyo kosa moja linaweza kuzizamisha sehemu zote tatu. Na kosa lenyewe kwa nyumba kama yako nalijua liko wapi: kwenye fomu ya maombi, mstari unaouliza paa ni la nini. Wakala ana haraka, makuti yanapandisha premiamu au yanaifanya kampuni isite, basi anaandika "vigae" kwa kuwa chumba cha jenereta kina vigae. Wewe unatia sahihi. Miaka inapita kwa amani. Siku mgeni anapoteleza bafuni, jambo lisilohusiana na paa hata kidogo, mkadiria hasara anafika, anainua macho, anaona makuti. Kampuni inaweza kusema isingekubali kabisa mkataba huu kama ingejua, na dai la bafuni likatumbukia pamoja na paa. Kama madai ya watu yangekuwa kwa kampuni nyingine, uongo wa paa huenda usingefika huko.

Hiyo ni hoja nzito. Lakini tazama inadai nini: ugawanye bima ili uongo wa fomu moja usiambukize nyingine. Ni rahisi zaidi kuijaza fomu kwa ukweli. Ijaze kwa mkono wako, ambatanisha picha za paa na jiko, bakiza nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kampuni ikipandisha bei au ikitaka mitungi ya kuzimia moto na jiko lisogezwe mbali na makuti, ni nafuu ulijue mapema. Ukikubali masharti hayo, yatimize, kwa sababu mtungi uliopitwa na tarehe ya ukaguzi nao huhesabiwa kuwa sharti lililovunjwa.

Kuna hali moja ambapo nitamuunga mkono mwenzako bila kusita. Kama ulijenga kwa mkopo, huenda benki tayari imekata bima ya moto na kukukata wewe malipo. Ukiongeza bima ya pamoja juu yake, umelipia jengo mara mbili, na hutalipwa mara mbili. Kampuni hizo zitagawana hasara ileile, tena polepole. Hapo ama uiombe benki ikubali bima yako ya pamoja huku jina lake likiandikwa ndani kama mwenye haki, ama uchukue sehemu ya wageni na ya madai peke yake.

Na swali la mwisho la kumuuliza wakala, kwa kuwa uko Watamu: mwezi wa Mei ukifunga, masika yakinyesha, itakuwaje? Mikataba mingi hupunguza ulinzi wa jengo lililokaa tupu zaidi ya siku 30 hivi. Mlinzi wa getini hahesabiki kila mahali kuwa ni mtu anayekaa ndani. Mwambie akuandikie jibu, aliambatanishe kwenye hati kama nyongeza, kabla hujamlipa.