Sombe haiivi kwa mkasi

Video za kupika sombe, yale majani ya muhogo, zinazopita kwenye simu zetu siku hizi zinafanana kama mapacha. Kamera iko juu, meza safi, mikono inamimina sombe mbichi iliyotwangwa ndani ya sufuria, kijani kibichi kinang'aa. Mkato. Sombe imeiva, mawese yanaelea juu, bugali iko pembeni. Sekunde mbili zimepita, na saa mbili za jikoni zimefutwa bila hata neno moja kwenye skrini.

Hilo linanikasirisha kwa sababu sombe si omleti. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi. Kutwanga kunayavunja na kuifungua ile sumu, kisha moto unaifukuza pamoja na mvuke, ndiyo maana mama zetu wanaanza kuchemsha bila kifuniko. Msichana aliyekulia mbali na kinu, anayejifunza kwa simu yake, ataona nini kwenye ile video? Ataona kwamba sombe inaingia, mafuta yanaingia, inaliwa. Atafunika sufuria ili kuokoa makala ya kupikia, ataipakua mapema, halafu atashangaa kwa nini ni chungu. Mpishi alijua kila kitu. Aliyekata video ndiye aliyeficha.

Nakubali, shingo upande, kwamba hakuna atakayetazama maji yakichemka saa mbili. Kuruka wakati ni lazima. Lakini kuruka kwenyewe kuna namna yake, na kunahitaji vitu vitatu: picha ya chakula kabla ya kuruka, maandishi yanayosema muda uliopita na hali ya sufuria, na picha ya chakula baada ya kuruka, kutoka mahali palepale, iliyotulia kiasi cha jicho kulinganisha. Sekunde tatu kwa kila mruko zinatosha. Sombe inahitaji miruko minne. Hizo ni sekunde kumi na mbili tu, na hakuna video isiyoweza kuzibeba.

Tuchukue sombe ya kilo moja, iliyotwangwa vizuri, ndani ya lita mbili za maji, juu ya mbabula ya makala. Mruko wa kwanza uandikwe hivi: "Dakika 40 baadaye, bila kifuniko". Picha ya kabla ni ya kijani kikali na povu linaloanza kupanda, na ya baada ni ya kijani kilichofifia kuelekea rangi ya zeituni. Mruko wa pili unafika kwenye saa moja na dakika kumi hivi. Hapo usionyeshe sufuria peke yake. Chota kidogo kwa kijiko, weka kwenye sahani nyeupe, finya kwa vidole viwili mbele ya kamera. Ikisagika bila nyuzi ngumu, ndipo vitunguu, biringanya na pilipili ya mboga vinaingia. Mruko wa tatu ni dakika 25, mboga zimelainika, na sasa yanamiminwa mawese, kikombe kimoja. Wa nne ni hadi maji yanapokaribia kuisha.

Kwa nini kusumbuka na picha za hali, kama dakika zimeshaandikwa? Kwa sababu dakika peke yake zinadanganya. Makala makavu na makala yenye unyevu hayatoi moto mmoja. Tena hapa Bukavu tuko karibu mita 1500 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, wakati kwa ndugu yetu wa Matadi, kule chini, yanachemka karibu na 100. Sombe yake itatangulia kuiva. Saa yako si saa yake, lakini kijani kilichofifia na jani linalosagika vidoleni ni vilevile kote.

Sasa ile picha ya juu. Kosa kubwa ni kuning'iniza simu juu ya mbabula. Joto linapanda moja kwa moja, simu inapata moto, inatoa onyo na kusimamisha kurekodi, mara nyingi katikati ya hatua usiyoweza kurudia. Mvuke nao unaganda kwenye lenzi, na picha inakuwa kama ya ukungu wa asubuhi juu ya ziwa. Dawa ni kuacha kamera juu ya meza na kuleta sufuria kwa kamera. Bandika vipande vinne vidogo vya utepe mezani vinavyoonyesha sufuria ikae wapi, na kimoja zaidi cha kuonyesha mkono wa sufuria uelekee upande gani. Kila hatua ikifika, epua, weka juu ya ubao ndani ya alama zile, subiri nusu dakika mvuke upungue, piga picha, rudisha motoni. Hapo picha ya kabla na ya baada zinalingana kabisa, na mtazamaji anaona rangi ikibadilika ndani ya duara lilelile.

Kwa stendi, ubao wa mita moja uliotokeza nje ya rafu unatosha, bidoni ya lita tano ya maji ikiukandamiza upande wa nyuma. Simu ifungwe pia kwa kamba, maana chini yake kuna chakula cha watu. Rafu hiyo isigusane na meza unayokatia vitunguu, la sivyo kila pigo la kisu litatikisa picha. Simu ikitazama chini huwa haijui juu ni wapi, na video inaweza kutoka imegeuka. Ishike wima au kwa ubavu, kama unavyotaka video itoke, anza kurekodi, ndipo uilaze.

Rangi ndiyo inayobeba ushahidi wote, kwa hiyo usiiachie simu iamue. Sufuria ya alumini inang'aa, simu inaogopa mwanga huo na kutia giza sombe, na mawese yakiingia inabadilisha rangi ya kila kitu. Kwenye iPhone bonyeza skrini kwa muda hadi uone AE/AF LOCK. Kwenye Android, programu ya Open Camera inakuruhusu kufunga mwanga na pia rangi nyeupe. Fanya kazi karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, na uanze asubuhi. Ukianza saa kumi alasiri, picha ya mwisho itapigwa giza likiingia, na kijani chako hakitalinganishika na chochote.

Orodha ya viungo nitaisema kwa ufupi. Vitu kumi vilivyopangwa mwanzoni kwa sekunde mbili havisomeki na mtu yeyote. Jina na kipimo vitokee pale kitu kinapoingia sufuriani, herufi nyeupe juu ya ukanda mweusi, upande wa juu kushoto, mbali kidogo na ukingo, ambako vitufe vya TikTok havifuniki. Orodha nzima ije mwishoni, itulie sekunde tano ili mtu aipige picha. Na tuache kuandika "fungu moja la sombe": fungu la soko la Kadutu hapa Bukavu wakati wa mvua si fungu la kiangazi. Andika fungu, kisha gramu pembeni yake.

Picha ya mwisho isiwe ya sahani iliyopambwa. Iwe sufuria palepale ndani ya alama zake, kijiko cha mti kikiburuta sombe kutoka upande mmoja hadi mwingine. Njia inayobaki nyuma ya kijiko ionekane chini ya sufuria kwa sekunde moja, bila maji kuijaza, halafu mawese mekundu yarudi polepole kutoka pembeni.