Kikumbusho cha kazi ngumu kiwekwe kwenye saa ambayo akili iko macho

Kwa miaka kadhaa kazi ngumu kuliko zote katika mwezi wangu niliiwekea kikumbusho cha saa 8:30 mchana. Mimi ni mhasibu wa biashara ndogo jijini Dar es Salaam, na kazi ninayoizungumzia ni kulinganisha daftari la manunuzi la mteja na stakabadhi zake za mashine ya EFD kabla ya kuwasilisha ritani ya VAT, ambayo mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Niliichagua saa hiyo kwa sababu ofisi huwa kimya baada ya chakula, wateja hawapigi simu, na kwenye kalenda palikuwa na nafasi. Sikuwahi kujiuliza kama kichwani pia palikuwa na nafasi.

Makosa ndiyo yaliyonionyesha. Mhasibu yeyote anajua kwamba hesabu mbili zinapokataa kukubaliana, na tofauti yake inagawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, yawezekana sana kwamba mtu amegeuza tarakimu mbili zinazofuatana. Ukiandika 36,000 badala ya 63,000, tofauti ni 27,000, na 27,000 inagawanyika kwa 9. Kosa la namna hii halitokani na kutojua kazi, kwa kuwa anayelifanya anaijua namba na ameiona. Ni macho yamesoma huku akili ikiwa imelegea. Nilipopitia karatasi zangu za miezi 3 iliyotangulia nilikuta tofauti nyingi za aina hiyo, na nilipotazama saa nilizoingiza hesabu zile, karibu zote zilikuwa za kati ya saa 8 na saa 10 alasiri. Kazi ya dakika 90 ilikuwa ikinichukua mchana mzima, kwa sababu nusu ya muda nilikuwa natafuta makosa ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyapanda muda mfupi kabla.

Sababu yake inaeleweka vizuri. Mwaka 1982 mtafiti wa usingizi Alexander Borbély alieleza kwamba nguvu mbili huongoza kusinzia na kukesha kwetu. Ya kwanza ni haja ya usingizi, ambayo huanza kujilimbikiza tangu tunapoamka na haipungui mpaka tulale. Ya pili ni saa ya mwili, ambayo hupanda na kushuka kwa mzunguko wa takribani saa 24 na hurekebishwa kila siku na mwanga wa jua. Asubuhi, baada ya uzito wa kuamka kutoka, haja ya usingizi bado ni ndogo na saa ya mwili inapanda, kwa hiyo watu wengi huwa wepesi. Alasiri haja ya usingizi imeshakuwa kubwa, ilhali saa ya mwili bado haijafika pale inapoweza kuibeba. Tumezoea kuulaumu ubwabwa, lakini mshuko wa alasiri huwapata hata watu ambao hawajala. Chakula kizito huuongezea tu uzito. Kuelekea jioni saa ya mwili huendelea kupanda, na wengi wetu hupata wepesi wa pili.

Maelezo hayo ni ya watu kwa ujumla, na hapo ndipo ushauri mwingi kuhusu kupanga muda unaponichosha, kwa sababu humwambia kila msomaji aamke saa 10 alfajiri. Watu hawafanani. Mwaka 1976 James Horne na Olov Östberg walichapisha maswali ya kupima kama mtu ni wa asubuhi au wa jioni, na maswali hayo yanatumika hadi leo kwa sababu tofauti hiyo ni ya kweli: yupo ambaye kilele chake kinafika saa 3 asubuhi, na yupo ambaye akili yake haifunguki sawasawa kabla ya saa 11 jioni. Huyu wa pili si mvivu, na kikumbusho cha alfajiri hakitambadilisha. Kwa hiyo kabla ya kupanga kengele yoyote, mtu anapaswa kuijua saa yake mwenyewe, na njia ninayoiamini ni kuipima.

Nilipima kwa siku 10 za kazi. Niliweka kengele 5 kwa siku, saa 2:30, saa 4, saa 6, saa 8:30 na saa 11, na kila ilipolia niliandika daftarini namba kati ya 1 na 5 kuonyesha wepesi wa akili yangu. Kisha niliingiza stakabadhi 20 na kuandika dakika nilizotumia na makosa yaliyopatikana nilipohakiki. Namba ya hisia peke yake haitoshi, kwa kuwa mtu aliyetoka kunywa chai hujipa 5 kwa urahisi, na huenda kafeini inaificha tu haja ya usingizi bila kuiondoa. Stakabadhi 20 hazidanganyi. Siku 2 nilizifuta, moja niliyolala chini ya saa 6 kwa sababu ya msiba na nyingine niliyoamka na mafua, maana siku kama hizo humpimia mtu uchovu wake badala ya saa yake.

Matokeo yalinishangaza kidogo. Nilidhani kilele changu ni saa 2 asubuhi, mara tu ninapofika ofisini, kwa sababu wakati huo huwa na hamu ya kazi. Daftari lilisema vingine: saa 2:30 nilikuwa mwepesi wa mikono lakini makosa bado yalikuwepo, na saa 4 ndipo kasi na usahihi vilipokutana. Nilipima tena kwa siku 3 nikisogeza kengele nusu saa huku na huku, nikaona kwamba dirisha langu zuri linafunguka karibu saa 3:30 na kufunga muda mfupi baada ya saa 5. Ni kama dakika 100 hivi. Nilipoyatazama maisha yangu ndani ya dakika hizo 100, niliona kwamba ndimo nilimokuwa nimeweka vikumbusho vya kununua umeme wa LUKU, kumpigia fundi, kujibu barua pepe na kufuatilia wateja wanaodaiwa. Saa bora ya siku nilikuwa nimeigawa kwa mambo ambayo yangefanyika vizuri vilevile hata nikiwa nimechoka.

Maoni yangu, basi, ni kwamba ndani ya kilele panapaswa kuwa na kazi moja tu, na kengele yake isilie kilele kinapoanza. Yangu inalia saa 3:15, dakika 15 mapema, kwa sababu akili haitoki kwenye jambo moja na kuingia jingine mara moja. Katika dakika hizo namaliza mazungumzo, naweka simu kwenye Usinisumbue, na natoa bahasha ya stakabadhi. Maneno ya kikumbusho nayo yana uzito wake. Zamani niliandika "VAT" peke yake, na kila nilipoliona neno hilo nilianza kufikiri nianzie wapi, mwisho nikafungua barua pepe. Sasa huandika jioni ya jana yake, nikiwa bado nakumbuka nilipoishia: "Duka la vifaa vya ujenzi, manunuzi ya Februari, anzia stakabadhi ya 41." Kilele kisitumike kuamua, uamuzi uwe umeshafanywa.

Vikumbusho vidogo nilivihamishia saa 8 na kuendelea, isipokuwa aina moja. Mwanzoni nilipeleka huko pia malipo ya simu, nikidhani kutuma fedha ni kazi nyepesi. Ni nyepesi kweli kwa mikono, lakini kugeuza tarakimu mbili za namba ya mpokeaji ni kosa lilelile la 36 na 63, na safari hii fedha inakwenda kwa mtu usiyemjua. Malipo yakahamia saa 11 jioni, kwenye wepesi wa pili. Mshuko wa alasiri ninauachia kazi ambazo kosa lake hurekebishika bila gharama: kupanga majalada, kuchapisha nakala, kuwapigia wateja kuwakumbusha wakusanye stakabadhi.

Jambo dogo linalotuhusu sisi hasa ni namna ya kuandika saa. Kikumbusho changu cha kwanza nilikiweka 03:15, jinsi ninavyoitamka, na simu ikalia saa 9:15 usiku ikaamsha nyumba nzima. Namshauri kila anayehesabu saa kuanzia mapambazuko aweke simu kwenye mfumo wa saa 24 na aandike 09:15, kisha ayaandike maneno "saa 3 na robo asubuhi" ndani ya kikumbusho chenyewe, ili akikisoma kosa lionekane.

Kwa upande mwingine, jua letu linatusaidia. Dar es Salaam macheo hayasogei hata saa 1 kwa mwaka mzima, wakati London husogea kwa zaidi ya saa 3 kati ya majira ya joto na majira ya baridi. Kilele ukishakipima hapa hakina sababu ya kuhama kwa ajili ya majira. Kinachokihamisha ni usingizi. Kengele ninayoizima siku 3 mfululizo bila kuanza kazi naichukua kuwa taarifa: ama muda wangu wa kulala umebadilika, ama kazi niliyoiandika ni kubwa kuliko dirisha lenyewe na inahitaji kukatwa.

Najua kwamba wengi hawana mamlaka juu ya asubuhi zao. Mwalimu ana ratiba ya vipindi, na muuguzi wa zamu ya usiku ana shida kubwa zaidi, kwa kuwa saa ya mwili haigeuki kwa siku 1 au 2 za zamu mpya. Huyo ushauri wangu haumfai, na sitaki kujifanya unamfaa. Lakini dada yangu, anayefundisha sekondari, alipopima alikuta kilele chake kinaangukia ndani ya vipindi 2 anavyofundisha na kipindi 1 kilicho wazi. Kipindi hicho alikuwa akikitumia kujaza mahudhurio. Sasa hukitumia kusahihisha insha, ambazo zinadai hukumu, na mahudhurio huyajaza mchana. Ni dakika 40 tu, siku 4 kwa wiki.

Mwezi wa Ramadhani mimi mwenyewe hulazimika kupima upya. Naamka kula daku, sirudi kulala baada ya swala ya alfajiri, na siku ya tano hivi daftari huonyesha kwamba dirisha limekuja mapema zaidi, linafunguka karibu saa 2 na kufunga kabla ya saa 4. Wepesi wa pili wa jioni hupotea kabisa mpaka baada ya futari. Kengele ya saa 3:15 naihamishia saa 1:45, malipo nayafanya usiku, na Idi ikipita nasubiri siku kama 5 za usingizi wa kawaida, naingiza stakabadhi 20 saa 4 asubuhi, na makosa yakiwa yamepungua ndipo nairudisha mahali pake.