Flaiwili haikupi mzigo wa ziada, unautengeneza mwenyewe

Kuna gimu moja hapa mjini, sitaitaja, imeleta mashine ya flaiwili na kubandika bango kubwa ukutani: wakati wa kurudi mzigo unazidi ule wa kwenda kwa asilimia 40, otomatiki. Nikasema acha nisimame nione hiyo otomatiki. Kijana akavaa mkanda wa kiunoni, akapanda jukwaani, akachuchumaa, akasukuma kwenda juu kwa nguvu zake zote. Sahani ikavuma vizuri. Halafu kocha wake, aliyekuwa na macho kwenye simu, akamwambia, "Sasa shuka nayo taratibu, inajirudisha yenyewe." Kijana akashuka nayo taratibu. Seti nzima ikaisha hivyo, pesa ikalipwa, na ule mzigo wa ziada wa kwenye bango hakuna aliyeuona.

Nimekereka kwa sababu mashine yenyewe ni nzuri. Ubaya ni uongo unaouzwa pamoja nayo.

Tuanze na kinachotokea pale. Mashine hii haina chuma cha kunyanyua. Ina sahani nzito kwenye ekseli, na mkanda uliozungushiwa ekseli hiyo. Ukivuta, mkanda unafunguka na sahani inashika kasi. Mkanda ukifika mwisho, sahani haisimami. Inaendelea kuzunguka upande uleule, inaanza kuuviringisha mkanda upya, na sasa ndiyo inayokuvuta wewe. Kazi yako ni kuisimamisha. Per Tesch na Hans Berg wa Taasisi ya Karolinska kule Stockholm waliitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakiwafikiria wanaanga, maana kule juu chuma cha kilo 100 kinaelea, lakini sahani inayozunguka ni ngumu kuisimamisha popote ulipo.

Sasa hesabu, na hapa ndipo bango linapoanguka. Sema kijana wetu amepanda nusu mita na kuvuta mkanda kwa wastani wa nyutoni 600, karibu sawa na uzito wa mtu wa kilo 60. Nyutoni 600 mara nusu mita: amemwaga jouli 300 za nishati ndani ya sahani. Hizo ndizo zitakazomrudia. Hazitakuwa 420 kwa sababu bango limesema. Tena zitapungua kidogo, maana beringi na mkanda vinakula chao njiani. Akianza kuzuia pale juu kabisa na kuzuia kwa nguvu ileile hadi chini, atamaliza jouli 300 katika nusu mita, yaani wastani wa nyutoni zilezile 600 au pungufu. Alichotoa ndicho alichorudishiwa.

Mzigo wa ziada unatoka wapi basi? Unatoka kwenye kuchelewa. Sema katika nusu ya kwanza ya safari ya kushuka anaifuata mashine kwa kuzuia kidogo tu, wastani wa nyutoni 200. Sentimita 25 za mwanzo zitakula jouli 50. Zimebaki 250, na zimebaki sentimita 25 za kuzimaliza. Hapo lazima atoe wastani wa nyutoni 1000. Kijana yuleyule, sahani ileile, seti ileile, lakini miguu imebeba kama kilo 100 wakati wa kurudi baada ya kubeba kama kilo 60 wakati wa kwenda. Dereva wa lori anayechelewa kukanyaga breki mteremkoni anaijua hesabu hii hata kama hajawahi kukaa darasa la fizikia.

Kwa hiyo kauli ya kocha ilitakiwa iwe kinyume kabisa: "Iache ikuvute, iache, iache, sasa izuie!" Amri moja tu, itolewe kwa wakati wake. Yeye alikuwa kwenye simu.

Utajuaje kama unafanya sawasawa bila kifaa cha kupimia nguvu? Angalia sahani inasimama wapi. Ikisimama ukiwa bado katikati ya njia, umezuia mapema mno, na mzunguko unaofuata utaanzia hapo juujuu na kuwa mfupi. Ikisimama pale tu mapaja yanapofika usawa wa magoti, umepatia. Ukifika chini nayo bado ina kasi, itakukung'uta, na atakayeisimamisha ni goti na kiuno badala ya msuli. Hapo umechelewa kuliko uwezo wako, au ulisukuma kwenda juu kwa nguvu usizoweza kuzilipa. Punguza nguvu ya kupanda kwanza. Urefu wa mkanda nao upimwe: ukiwa umesimama wima uwe umenyooka bila kulegea, la sivyo kila ukifika juu unapata mshtuko.

Haya, mtu atauliza: kwa nini nihangaike? Si nibebe tu chuma kizito zaidi?

Kwa sababu msuli unaonyooshwa huku ukikaza si mashine ileile na msuli unaojikunja. Ukinyanyua, vile vikonyo vidogo ndani ya nyuzi za msuli vinashika, vinavuta, vinaachia, vinashika tena, na kila mzunguko unalipiwa nishati. Kadiri unavyokwenda kasi ndivyo vinavyopungua vilivyoshika kwa wakati mmoja, na nguvu inashuka. Ukishusha, vikonyo vilivyoshika vinavutwa kwa lazima mpaka vinang'oka, vingi bila kumaliza mzunguko wala kulipiwa nishati yake. Juu ya hapo kuna protini ndefu iitwayo titini, inayopita ndani ya nyuzi na kukaza kama springi msuli unaponyooshwa ukiwa umewaka. Matokeo yake, msuli uleule unaweza kuzuia mzigo ambao hauwezi kuunyanyua, tena kwa oksijeni kidogo zaidi.

Kuna jaribio la mwaka 1952 ninalolipenda kuliko grafu zote. Abbott, Bigland na Ritchie, Waingereza, walichukua baiskeli mbili za mazoezi wakazipanga zikipeana migongo, wakaziunga kwa mnyororo. Mmoja anapiga pedali kwenda mbele, mwenzake anazuia pedali zisimzidi. Nguvu kwenye mnyororo ni ileile kwa wote wawili. Lakini anayezuia alikuwa anatumia oksijeni kidogo mno kuliko anayekanyaga, na ilipoonyeshwa hadharani, mwanamke mwenye umbo dogo alimchosha mwanamume mkubwa bila shida yoyote. Fikiria uso wa yule bwana.

Basi ukifanya mazoezi ya chuma cha kawaida, kipimo chako kinawekwa na upande wako dhaifu. Unaweka kilo 80 kwa sababu 80 ndizo unazoweza kupanda nazo, na unaposhuka nazo misuli inapiga miayo. Upande wenye uwezo zaidi haujawahi kuguswa barabara. Tena kwa asiyezoea, mfumo wa neva wenyewe unamfunga kamba. Haumruhusu kuwasha msuli wote anapozuia mzigo mkubwa, na ruhusa hiyo huongezeka kwa mazoezi ya kuzuia. Nyuzi nazo hubadilika kivyake: mazoezi ya kuzuia huelekea kuzirefusha, na msuli unapata nguvu hata ukiwa umenyooka sana. Kwa mwanariadha wa mbio fupi ni pale pale paja la nyuma linapochanika, mguu ukiwa umetupwa mbele unakaribia kugusa ardhi.

Ndiyo maana utafiti wa Askling na wenzake wa mwaka 2003 ulisikika sana. Walichukua wachezaji 30 wa soka wa ligi kuu ya Sweden, 15 wakafanya mazoezi ya paja la nyuma kwenye flaiwili kwa wiki 10 kabla ya msimu, mara moja au mbili kwa wiki, na 15 wakaendelea na ratiba yao ya kawaida. Msimu ulipokwisha, waliochanika paja katika kundi la kwanza walikuwa 3. Kundi la pili, 10.

Sawa, nakubali, na sikubali kwa furaha: watu 30 si wengi, na wale wengine hawakupewa zoezi jingine la kulinganisha. Utafiti ule unasema zoezi lile lilishinda kutolifanya. Hausemi flaiwili inashinda kila kitu. Na ukweli unaouma wauza mashine ni kwamba mwaka 2011 Wadenmaki, Petersen na wenzake, walichukua wachezaji zaidi ya 900 na kuwapa nusu yao zoezi lisilohitaji mashine yoyote. Unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo, unajiangusha mbele taratibu huku paja la nyuma likizuia mpaka lishindwe. Kundi lililofanya zoezi lilipata majeraha 15 ya paja, lisilofanya 52. Gharama yake ni mkeka na rafiki asiyekuwa na haraka.

Kwa hiyo kama huna flaiwili usilie. Kwenye mashine ya kukunja miguu, panda kwa miguu miwili shuka kwa mmoja. Umepata mzigo wa ziada, na huo kweli ni otomatiki.

Jambo moja nitalisema bila mzaha, maana nimeona watu wakishindana kwenye mashine hii siku ya kwanza. Mazoezi ya kuzuia huumiza misuli kwa kuchelewa. Siku hiyo unajisikia shujaa, kesho yake na keshokutwa hushuki ngazi. Hayo ni ya kawaida, na msuli huzoea haraka hivi kwamba mara ya pili maumivu huwa nusu ya hadithi. Lakini paja likivimba, likikakamaa, na mkojo ukatoka rangi ya kokakola, hayo si maumivu ya mazoezi tena. Msuli umevunjika na mabaki yake yanapita kwenye figo. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Anayeanza apewe seti mbili za mara sita au saba, na zile mbili za mwanzo katika kila seti azitumie kuipa sahani kasi tu bila kuzuia kwa nguvu. Wiki ya pili ndiyo aanze kuchelewesha breki.

Na kwa walionitumia ujumbe kuuliza kama wafanye Ijumaa kwa sababu Jumapili kuna mechi: hapana. Fanyeni Jumatatu au Jumanne, na kama hamjawahi kuigusa mashine hiyo, msianze katikati ya msimu hata kama kocha ameshalipia.