Onyo lililosomwa polepole

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipigia simu usiku. "Shangazi, polisi wameniita mahojiano. Wanasema ni ya hiari, lakini chini ya onyo." Kwenye ghala anakofanya kazi, hapa Uingereza, simu kadhaa zilikuwa zimepotea usiku wa Jumanne, na kadi yake ya mlangoni ndiyo iliyotumika.

Mimi nimelelewa Kenya. Niliposikia "polisi wameniita", tumbo lilinikata. Jambo la kwanza lililonijia ni kutafuta mtu anayemjua mtu pale kituoni. Mnanielewa.

Kumbe alichohitaji ni wakili wa zamu, ambaye hapa halipwi hata senti na anayehojiwa, hata kama mshahara wake ni mnono. Wakili akaonana na mpelelezi kwanza, akaelezwa kwa kifupi tuhuma ni ipi, kisha akajifungia na kijana faraghani. Ndipo kinasa sauti kikawashwa na onyo likasomwa. Kwa Kiswahili ni kama hivi: "Si lazima useme lolote. Lakini utetezi wako unaweza kudhurika usipotaja, unapoulizwa, jambo utakalolitegemea baadaye mahakamani. Lolote utakalosema linaweza kutolewa kama ushahidi." Halafu mpelelezi akamwambia aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa. Mpwa wangu alinisimulia hilo kwa mshangao, nami likanigusa zaidi ya yote.

Ile sentensi ya katikati ndiyo yenye mtego, na ilitoka katika sheria ya mwaka 1994. Kijana alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake, akaacha kadi kwenye kabati lake kazini. Saa zile alikuwa barabarani akimpeleka rafiki uwanja wa ndege. Alitaka kunyamaza kabisa ili asimponze mwenzake. Wakili akamwambia: ukinyamaza leo, kisha mahakamani uibuke na habari ya uwanja wa ndege, watauliza mbona hukusema siku ile, na wanaruhusiwa kufikiri kwamba umeitunga baadaye. Kimya pekee hakiwezi kumtia mtu hatiani, lakini kinaweza kuongezwa juu ya ushahidi mwingine. Na kama polisi wamekunyima nafasi ya kuonana na wakili kabla ya mahojiano, kimya chako hakipaswi kutumiwa hivyo dhidi yako.

Basi waliandika maelezo ya ukurasa mmoja: nilikuwa wapi, na nani, kadi niliiacha wapi. Wakili akayasoma, na kwa maswali yote yaliyofuata kijana akajibu, "Sina la kusema." Hakuchagua hili la kujibu na lile la kuliruka, maana mtu akifanya hivyo kanda ikichezwa anaonekana anakwepa palipo pagumu. Polisi wakaenda kukagua picha za kamera. Wiki tano baadaye barua ikaja kwamba hatachukuliwa hatua zaidi.

Najua kuna atakayeniambia, "Umeonja ughaibuni, sasa unatudharau." Hapana. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 49, inampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza, tena inataka aelezwe upesi, kwa lugha anayoielewa, haki hiyo pamoja na matokeo ya kutonyamaza. Na sheria yetu ya ushahidi haimruhusu askari anayepeleleza kesi yako apokee yeye mwenyewe ukiri wako. Ni mbele ya jaji, hakimu au afisa mwingine wa cheo, na pale kwa afisa awepo mtu wa tatu uliyemchagua wewe. Najivunia hayo. Kinachoniuma ni kwamba tangu utotoni sijawahi kusikia askari wetu akiyatamka. Nimesikia tu, "Andika taarifa, tia sahihi, uende nyumbani."

Mwingine atasema anayenyamaza ana hatia. Ndugu yangu, mtu aliyekesha bila kulala, mwenye hofu, hukosea saa, hukosea jina, na kosa dogo la saa huitwa uongo mahakamani. Asiye na hatia ndiye anayeongea sana, kwa kuwa anaamini ukweli utajieleza wenyewe.

Jumapili mdogo wangu alipiga simu kutoka nyumbani: ameitwa kituoni Alhamisi kuandikisha taarifa kuhusu pikipiki iliyoibiwa. Nikamwambia aulize kwanza kama anaitwa shahidi au mshukiwa, na kama ni mshukiwa, asitie sahihi kitu chochote kabla hajazungumza na wakili.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Dada, nikiuliza hivyo, si ndiyo wataniweka ndani?"

Mpaka sasa sijampa jibu.